Kugeuza slaidi za wasilisho kuwa kitini cha semina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyekwisha kuwasilisha mada yake kwa slaidi, au anayekaribia kuiwasilisha, na sasa ametakiwa na maalim awape wenzake kitini cha kusoma nyumbani, chenye maswali ambayo wote watakuja nayo semina wakiwa wamejitayarisha. Ili tusizungumze hewani, tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: wasilisho la historia lenye slaidi 18, linaloeleza jinsi Pemba ilivyokuja kuipita Unguja kwa mavuno ya karafuu baada ya kimbunga cha mwaka 1872.

Kwa nini nisichapishe slaidi zenyewe, sita katika kila ukurasa, nikazigawa?

Kwa sababu slaidi ni nusu tu ya wasilisho, na nusu ya pili ilikuwa sauti yako. Uliposimama mbele ya darasa ulisema "lakini", "kwa sababu hiyo", "miaka kadhaa baadaye", na maneno hayo madogo ndiyo yaliyounganisha jambo na jambo. Kwenye slaidi hayamo. Mwenzako akiipata slaidi peke yake anabaki na orodha ya mambo yaliyopangwa juu na chini, na hana njia ya kujua lipi limesababisha lipi.

Niliwahi kufanya kosa hilo mwenyewe. Nilitoa fotokopi ya slaidi zangu, na katika mojawapo nilikuwa nimechora mshale kutoka maneno "Kimbunga 1872" kwenda maneno "Pemba yaongoza". Semina ilipoanza, mwenzetu mmoja wa kutoka Wete aliniuliza kwa upole mshale ule ulimaanisha nini, kwani yeye aliusoma kuwa Pemba ilichukua uongozi mwaka uleule, na mwenzake aliyekaa karibu naye aliusoma kuwa kimbunga peke yake ndicho kilichosababisha yote. Hakuna hata mmoja aliyeusoma nilivyokusudia. Tulitumia karibu nusu saa kufafanua mshale, na mjadala wenyewe haukufika popote.

Nianze na kompyuta au na karatasi?

Anza na karatasi, na slaidi uzifunge. Kwa kila slaidi unayoikumbuka andika sentensi moja kamili inayosema slaidi hiyo inadai nini, yenye mtendaji na kitenzi. Slaidi isiyokupa sentensi haina dai, na kwa kawaida haihitajiki katika kitini: slaidi ya jina la mada, ya mpangilio wa wasilisho, ya picha ya shamba iliyowekwa kupumzisha macho, na ya mwisho yenye "Asanteni".

Kisha tazama sentensi zipi zinasema jambo moja. Katika wasilisho letu la karafuu, slaidi 18 zilizaa sentensi 13, na sentensi hizo zilipokusanywa zilibaki hoja tano: namna karafuu zilivyoenea Unguja na Pemba na bei ilivyoshuka baadaye, kimbunga, mkataba wa 1873, mvua na ardhi ya Pemba, na hali ilivyokuwa katika miongo iliyofuata. Hizo tano ndizo zitakazokuwa aya za kitini, kila moja na namba yake. Namba usizidharau, kwa kuwa maswali ya majadiliano yatazitegemea.

Je, ninaweza kuyatoa maandishi ndani ya PowerPoint bila kuyaandika upya?

Unaweza, ikiwa unatumia PowerPoint ya kompyuta ya Windows. Fuata njia hii: `File` > `Export` > `Create Handouts`, na katika dirisha litakalofunguka chagua `Outline only`. Word itafunguka ikiwa na maandishi peke yake. Ukichagua `Notes next to slides` utapata picha ndogo za slaidi pamoja na yale uliyojiandikia sehemu ya maelezo chini ya kila slaidi, na hapo ndipo mara nyingi inapopatikana ile sauti tuliyoitaja, kama uliwahi kuiandika. Faili linalotoka kwa njia hii ya pili huwa zito sana, kwa hiyo lichukulie kuwa la kazi yako tu, usimtumie mtu. Wenye Google Slides wanaweza kupitia `File` > `Download` > `Plain text (.txt)`.

Kuna jambo moja linalowaponyoka wengi. Njia ya `Outline only` huchukua maandishi yaliyo ndani ya visanduku vya asili vya slaidi pekee, yaani kichwa na mwili. Chochote ulichokiandika ndani ya kisanduku ulichokiongeza mwenyewe, au ndani ya mchoro, hakitatoka, na programu haitakuonya. Katika slaidi zetu tarehe zote za mkataba zilikuwa kwenye kisanduku cha pembeni, na zote zilipotea. Ukimaliza, pitia slaidi moja moja ukilinganisha na kilichotoka.

Slaidi yenye nukta tatu inageukaje kuwa aya?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ni vyema tuitazame kwa karibu. Slaidi ya tisa ilisomeka hivi:

- Kimbunga, Aprili 1872
- Mikarafuu ya Unguja yaangamia
- Pemba yaongoza

Na hii ndiyo aya iliyotoka humo:

*2. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba iliguswa kidogo tu. Karafuu zilipoadimika bei ilipanda, baada ya miaka mingi ya kuwa chini kwa kuwa mavuno yalikuwa yamezidi mahitaji ya soko. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane hivi tangu kupandwa. Kwa hiyo aliyepanda upya Unguja mwaka 1873 hakuweza kutarajia kuchuma kabla ya mwaka 1879 hivi, na muda wote huo mikarafuu ya Pemba iliyosalimika iliuza kwa bei mpya.*

Tazama kilichoongezwa. Neno "ilhali" limeweka visiwa viwili mbele ya msomaji kwa wakati mmoja, jambo ambalo nukta zisingeweza kulifanya. Sentensi ya bei imeeleza kwa nini hasara ya Unguja ilikuwa faida ya mwingine. Sentensi ya umri wa mkarafuu, ambayo katika slaidi haikuwamo kabisa kwa sababu niliisema kwa mdomo, ndiyo inayoonyesha kwamba baina ya nukta ya pili na ya tatu kuna miaka mingi. Nayo nukta ya tatu, "Pemba yaongoza", imeondolewa katika aya hii na kupelekwa aya ya tano, kwa sababu ilikuwa imekaa mahali pasipo pake na kumfanya msomaji aruke miongo kwa hatua moja.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila nafasi baina ya nukta mbili ni swali lisilojibiwa: je, hili lilifuata lile, lililisababisha, au yametokea pamoja tu? Jibu kila nafasi kwa kiunganishi unachoweza kukitetea. Kama huwezi kukitetea, usijifiche nyuma ya "hivyo basi". Andika sentensi mbili zinazojitegemea na uhamishie swali hilo kwenye orodha ya majadiliano.

Grafu, ramani na picha nizifanyeje?

Uliza kwanza kama kuna swali la majadiliano litakaloitumia. Kama hakuna, iache. Ramani moja inayoonyesha Unguja na Pemba inatosha kitini chote.

Grafu ina tatizo la rangi. Kwenye ukuta, mstari mwekundu wa Unguja na wa kijani wa Pemba ulionekana vizuri. Ikishapitishwa kwenye mashine ya fotokopi ya steshenari, mistari yote miwili inakuwa kijivu kimoja. Andika jina la kisiwa juu ya mstari wenyewe badala ya kutegemea ufunguo wa rangi, na ufanye mmoja uwe wa vitone. Kabla ya kupeleka kudurufu, fungua ukurasa wa kuchapisha na uchague `Grayscale` uone wenzako watakachokiona. Na kila takwimu iliyomo iandikiwe hapohapo imetoka wapi, kwa sababu slaidi ilipita mbele ya macho kwa dakika moja, lakini kitini mtu atakaa nacho usiku mzima na atauliza.

Kitini kiwe na urefu gani?

Kurasa tatu hadi nne, yaani karatasi mbili zilizochapwa pande zote mbili. Kikizidi hapo, wengi watasoma mwanzo na kuyakimbilia maswali. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya kila swali ili mtu aandike majibu yake kwenye karatasi ileile atakayokuja nayo.

Je, niandike hitimisho langu ndani ya kitini?

Hapana, na hili ndilo linalowawia vigumu walio wengi, kwa kuwa hitimisho ndilo tunalojivunia. Wasilisho lilikuwa na kazi ya kuwashawishi wasikilizaji. Kitini cha semina kina kazi ya kuwapa wenzako vifaa ili wafikie hitimisho kwa nguvu zao, hata likiwa tofauti na lako. Slaidi yangu ya 16 ilisema kwamba kimbunga ndicho kilichoiinua Pemba. Laiti ningeiweka katika kitini, darasa zima lingekuja likiwa na sentensi hiyo, na hakuna ambaye angekuwa na la kuongeza.

Kinachobaki ni ushahidi, na ushahidi huo upangwe kwa uaminifu, ukiwamo ule unaokupinga. Aya ya tatu ya kitini chetu iliandikwa hivi:

*3. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba na Uingereza uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la watumwa la mjini Unguja. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi mwaka 1897.*

Hakuna sentensi inayouunganisha mkataba huu na karafuu. Msomaji makini ataona kwamba ulikuja miezi 14 tu baada ya kimbunga, wakati wenye mashamba walipohitaji mikono mingi ya kupanda upya, na ataanza kujiuliza. Hiyo ndiyo nafasi unayomwachia. Nayo aya ya nne ilieleza, kwa sentensi mbili tu, kwamba Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde yenye rutuba na hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Sasa mezani kuna sababu tatu zinazoweza kushindana, na hakuna iliyopewa ushindi.

Maswali ya kujadili yatungweje ili watu wajitayarishe kweli?

Tuanze na yasiyofaa. "Je, kimbunga kiliathiri kilimo cha karafuu?" linajibiwa kwa neno moja. "Jadili umuhimu wa karafuu katika uchumi wa Zanzibar" ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kulijibu bila kukifungua kitini, kwa yale aliyoyasikia tangu skuli. "Mkataba wa 1873 ulisainiwa lini na nani?" ni la kupima kusoma tu, moja la namna hiyo linaweza kuwekwa mwanzoni ili kufungua vinywa, lakini halina mjadala.

Swali linalomfanya mtu ajitayarishe lina mambo matatu: linamwelekeza kwenye aya fulani, linamtaka achague, na linamwambia aje na nini mkononi. Hili ndilo lililokuwa swali letu kuu:

*Aya ya 2 inaeleza kimbunga, aya ya 3 mkataba wa 1873, na aya ya 4 mvua na ardhi ya Pemba. Lau kimbunga kisingepiga, je, mambo ya aya ya 3 na ya 4 yangetosha kuipeleka Pemba mbele? Njoo na msimamo wako kwa sentensi tatu, pamoja na sentensi moja ya kitini inayoupinga.*

Sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi. Mtu akitakiwa kuja na sentensi inayompinga, hawezi kuandika jibu lake kwa dakika moja akiwa ndani ya daladala; lazima arudi kwenye aya na kuzipima. Na semina inapoanza hakuna anayeona haya kubadili maoni, kwa sababu kila mmoja ameshakubali kwenye karatasi yake kwamba upande wa pili una jambo. Tahadhari ni kwamba maswali ya "lau" huwafanya wengine waanze kubuni, ndiyo maana limefungwa kwenye aya zilizotajwa.

Swali la pili lilimweka msomaji katika nafasi ya mtu:

*Wewe ni mwenye shamba Unguja, mwezi wa Julai 1873. Mikarafuu yako imeanguka. Kwa kutumia aya ya 2 na ya 3 tu, eleza kwa nini ungepanda mikarafuu upya, au kwa nini ungepanda minazi badala yake. Taja utakachokikosa kwa kila uamuzi.*

Swali hili lilizaa mazungumzo marefu kuliko yote, kwa sababu waliotoka katika familia za wakulima walijua uzito wa kungoja mti miaka saba bila kuchuma, na wakaanza kuwaeleza wenzao wa mjini kazi ya uchumaji ilivyo: jinsi karafuu zinavyochumwa kwa mkono kabla hazijachanua, zikachambuliwa makonyo, zikaanikwa juani. Walipofika hapo suala la nani angeifanya kazi hiyo baada ya mkataba lilijitokeza lenyewe, bila mwezeshaji kulisukuma.

Niweke maswali mangapi, na kila mtu ajibu yote?

Kwa semina ya saa moja, manne yanatosha, na usishangae yakijadiliwa matatu. Swali la kweli hula dakika 12 hadi 15. Wote wayasome yote, lakini kila swali liwe na kundi la watu watatu au wanne waliolitayarisha kwa maandishi, na majina yao yaandikwe pembeni mwa swali ndani ya kitini chenyewe. Jina likishaandikwa mtu hujitayarisha. Lisipoandikwa kila mmoja humtegemea mwenziwe. Yapange kuanzia lililo karibu na maandishi hadi linalohitaji uamuzi, na lile unalolithamini zaidi liweke la pili, usiliweke la mwisho, kwa maana la mwisho hukutwa na adhana au na darasa jingine mlangoni.

Nitajuaje kabla ya semina kwamba kitini changu kina kasoro?

Mpe mtu mmoja ambaye hakuhudhuria wasilisho. Asiwe mwenzako wa karibu aliyekusikia ukifanya mazoezi, kwa sababu huyo atajaza mapengo kutoka kwenye kumbukumbu yake. Mwache asome, kisha mwambie akusimulie mada kwa maneno yake huku wewe ukinyamaza. Pale anapokwama au anapounganisha mambo kwa namna ambayo hukuiandika, hapo kiunganishi kimekosekana.

Halafu jibu maswali yako mwenyewe kwa maandishi, dakika tano kwa kila moja, ukitumia kitini tu. Kama jibu lote limepatikana kwa kunakili sentensi moja, swali hilo si la kujadili. Kama umelazimika kutumia jambo unalolijua wewe tu kwa kuwa ulifanya utafiti, jambo hilo liingizwe kwenye aya. Katika kitini chetu nilijikuta nikijibu swali la mwenye shamba kwa kutumia umri wa mkarafuu, na rasimu ya kwanza haikuutaja. Sentensi ile niliyoisifu hapo juu iliingia siku hiyo.

Ikiwa majibu mawili yanayopingana yanaweza kutetewa kwa aya zilezile, swali ni zima. Ikiwa upande mmoja tu ndio wenye ushahidi, basi umelificha hitimisho lako ndani ya swali, na wenzako wataligundua mapema.

Nikitume lini na kwa njia gani?

Siku tano kabla, na isiwe chini ya tatu. Kikitumwa mapema mno huwekwa pembeni na kusahauliwa. Kihifadhi kwa mfumo wa PDF, kwani faili la Word likifunguliwa kwenye simu hubadili mpangilio, namba za aya huhama, na swali linalosema "tazama aya ya 3" humpeleka msomaji pasipo. Kitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na nakala chache zilizochapwa ziachwe kwa kiongozi wa darasa kwa ajili ya wasio na bando. Katika ujumbe wa kukituma andika mambo mawili tu: kila mmoja amepangiwa swali lipi, na aje na sentensi ngapi zilizoandikwa. Slaidi zenyewe zitume baada ya semina, pamoja na ile ya 16 yenye hitimisho lako.